Kumvusha potwe hadi Hamburg

Saa tisa usiku mstari wa kijani kwenye skrini ulikuwa umefika asilimia 94. Nilikuwa sebuleni kwenye nyumba ya wageni Kilindoni, kisiwani Mafia, kompyuta juu ya meza na modemu nimeining'iniza dirishani kwa kamba ya chandarua, maana pale ndipo mtandao ulipokuwa unashika. Umeme ukayumba. Modemu ikazima, ikawaka tena, na haikuchukua hata dakika moja. Nilipotazama kivinjari, mstari ulikuwa umerudi sifuri. Saa kumi na tatu za kupakia na zaidi ya gigabaiti 17 za bando zikawa zimekwenda na maji.

Asubuhi kijana wa mapokezi alinikuta bado nimeikodolea macho ile skrini.

"Shikamoo kaka. Hujalala? Unatuma nini mpaka kunakucha?"

"Marahaba. Namtuma potwe Ulaya."

Akacheka. "Potwe mzima hapiti mlangoni, kaka. Mkatekate kwanza."

Alikuwa anatania, lakini kazi nzima ilikuwa ndani ya utani ule. Kati ya Oktoba na Machi papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani, husogea karibu na ufukwe wa Kilindoni kula dagaa na viumbe wadogo wa majini. Nilikuwa nimewapiga video kwa siku tano kwa ajili ya studio moja ya Hamburg, Ujerumani. Nilirudi na saa nne za picha, gigabaiti 180 kwa jumla. Mteja alitaka kuanza kuhariri wiki ile ile. Mimi nilikuwa na laini ya simu, jenereta ya jirani na mtandao unaokuja na kuondoka kama upepo wa matlai.

Pima kabla hujaahidi

Kosa langu la kwanza lilikuwa kumwahidi mteja siku kabla sijapima njia. Ukipima kasi kwa programu za kwenye simu, namba kubwa inayokufurahisha ni ya kupakua. Anayetuma video anahitaji ile ya pili, ya kupakia, na kwenye laini za simu mara nyingi huwa ndogo zaidi. Isitoshe, kipimo hicho huchukua sekunde chache tu, wakati wewe unataka kujua mtandao utakavyokuwa usiku kucha.

Kipimo ninachokiamini ni kutuma faili la kweli na kushika saa. Nilichukua faili la megabaiti 50 nikalituma kule kule Hamburg. Lilichukua dakika 2 na sekunde 13, yaani sekunde 133. Ukigawa 50 kwa 133 unapata megabaiti 0.376 kwa sekunde. Makampuni ya simu hutangaza kasi kwa megabiti, na baiti moja ni biti nane, kwa hiyo yangu ilikuwa megabiti 3 kwa sekunde. Wengi huchanganya hizi mbili, wakategemea mzigo ufike mara nane upesi kuliko utakavyofika.

Kuanzia hapo hesabu ni ya darasani. Megabiti 3 kwa sekunde ni gigabaiti 1.35 kwa saa, au gigabaiti 32 na kitu kwa siku nzima bila kukatika hata mara moja. Gigabaiti zangu 180 zilihitaji siku tano na nusu za mtandao usiopumua. Kilindoni hakuna siku kama hiyo. Kabla sijagusa kitufe chochote nilikuwa tayari nimejua kwamba mzigo ule, kama ulivyo, hauwezi kupita.

Wengi hapa hukimbilia zipu. Nami nilifanya hivyo usiku ule wa kwanza: nilifunga klipu nyingi kwenye faili moja la zipu nikidhani litapungua. Halikupungua kitu cha maana. Kamera inaporekodi huwa imekwisha kuibana video yenyewe, ikatupa kila kinachojirudia, na zipu haikuti cha kubana tena. Nilichopata ni hasara: klipu nyingi ndogo ziligeuka faili moja kubwa ambalo likikatika linakatika lote.

Tuma kivuli kwanza

Nilimwandikia mteja swali ambalo ningepaswa kuuliza tangu mwanzo: unahitaji saa zote nne kwa ubora kamili, au unahitaji kuziona zote kisha uchague? Alihitaji kuziona. Filamu yake ya mwisho isingetumia zaidi ya dakika chache za potwe. Hapo ndipo inapoingia nakala nyepesi, ile ambayo wahariri wa video huiita proksi.

Kamera yangu hurekodi kwa megabiti 100 kwa sekunde, yaani gigabaiti 45 kwa saa. Picha inayotosha mtu kuona potwe anapogeuka, maji yalivyo na sauti ilivyo haihitaji zaidi ya megabiti 2. Programu ya bure iitwayo ffmpeg hutengeneza nakala hiyo kwa amri moja:

```
ffmpeg -i C0041.MP4 -vf scale=-2:720 -c:v libx264 -b:v 1800k -c:a aac -b:a 128k nakala/C0041.MP4
```

Amri hii inachukua klipu C0041, inaipunguza hadi urefu wa nukta 720, inabana picha kwa megabiti 1.8 na sauti kwa kilobiti 128, kisha inaweka matokeo kwenye folda iitwayo nakala. Folda hiyo uitengeneze kwanza mwenyewe. Saa nne za video zikashuka kutoka gigabaiti 180 hadi gigabaiti 3.6. Kwa kasi yangu hiyo ni safari ya saa 2 na dakika 40. Kwa kukatikakatika ilichukua karibu saa nne, lakini mteja aliamka akakuta potwe wote.

Yapo mambo mawili ya kuangalia hapa, na yakikosewa kazi yote huharibika. La kwanza ni jina. Nakala lazima ibaki na jina la klipu halisi, C0041 ibaki C0041, kwa sababu mhariri atakata na kupanga kwa kutumia nakala, kisha programu yake itaitafuta klipu halisi kwa jina lile lile ili ibadilishe. Ukiipa jina la kupendeza kama "potwe_mkubwa", umeikata kamba inayoziunganisha. La pili ni idadi ya picha kwa sekunde. Kama kamera imerekodi picha 25 kwa sekunde, nakala nayo iwe 25. Ukiigeuza 30, mahali mhariri alipokata hapatalingana na klipu halisi, na potwe ataonekana ameshapita kabla hajafika. Ile amri ya juu haigusi idadi hiyo, na ndiyo sababu mojawapo naipenda.

Siku mbili baadaye mteja alirudisha orodha ya klipu 22 alizozitaka kwa ubora kamili. Jumla yake dakika 28. Nilipiga hesabu: gigabaiti 21, kama saa 15 na nusu za kupakia. Kutoka siku tano na nusu tulikuwa tumeshuka hadi usiku mbili, angalau kwenye karatasi.

Vipande ambavyo havirudi nyuma

Gigabaiti 21 bado ni nyingi kwa mtandao unaozima na kuwaka, na sasa ilibidi nielewe ni kwa nini usiku wa kwanza nilirudishwa sifuri.

Kompyuta yako na seva ya mbali zinapozungumza, hutambuana kwa anwani. Modemu ya laini ya simu ikikatika na kurudi, mara nyingi hupewa anwani nyingine. Kwa seva ya kule wewe sasa ni mgeni anayebisha hodi, wala si yule iliyekuwa ikizungumza naye dakika iliyopita. Tovuti nyingi za kutumia mafaili hazina kumbukumbu ya kusema "huyu tulimwachia asilimia 94," kwa hiyo hulitupa lililofika na kuanza upya. Zipo zinazokumbuka, lakini ukifunga ukurasa au kompyuta ikisinzia, mara nyingi kumbukumbu nayo hupotea.

Dawa ni ile ya kijana wa mapokezi. Kwenye Linux na Mac ipo amri ya kukata faili bila kuligusa ndani:

```
split -b 200M C0041.MP4 C0041.MP4.kipande_
sha256sum C0041.MP4.kipande_* > C0041.txt
```

Mstari wa kwanza unakata klipu katika vipande vya megabaiti 200, navyo vinajiita kipande_aa, kipande_ab, kipande_ac na kuendelea. Mstari wa pili nitaueleza baadaye kidogo; kwenye Mac, kama sha256sum haipo, tumia `shasum -a 256`. Mwenye Windows hupata matokeo kama hayo kwa programu ya 7-Zip: unachagua kugawa katika sehemu, unaandika 200M, na kwenye kiwango cha kubana unachagua Store, kwa kuwa kubana hakusaidii kitu. Atakayepokea naye atazifungua kwa programu hiyo hiyo.

Kwa nini 200? Kwa kasi yangu kipande kimoja huchukua dakika tisa hivi. Mtandao wa Kilindoni ulikuwa ukikaa robo saa hadi nusu saa bila kukatika, hivyo vipande vingi vilipita kwa mkupuo mmoja. Kwako ukikatika kila dakika tano, kata vya megabaiti 50. Kipande ni kile unachokubali kukipoteza.

Kuvituma nilitumia rsync, programu ya bure na ya miaka mingi ambayo kabla ya kutuma hutazama kwanza kule kuna nini. Studio ilinifungulia folda kwenye seva yao. Amri yenyewe ni hii, SEVA ikiwa anwani utakayopewa na mteja:

```
until rsync -av --partial --timeout=60 vipande/ mafia@SEVA:/pokezi/
do sleep 30
done
```

Kwa Kiswahili inasema: tuma kila kilichomo kwenye folda ya vipande, ukishindwa, subiri sekunde 30, jaribu tena, usiache mpaka umalize. Kipande kilichokwisha kufika hakitumwi mara ya pili. Neno `--partial` linaiambia rsync isikitupe kipande kilichofika nusu, bali ikitumie kuendelea. Bila hilo, nusu hiyo hufutwa.

Neno ninalolithamini kuliko yote pale ni `--timeout=60`. Mtandao ukikatika kabisa si tatizo kubwa, kwa sababu kompyuta hugundua na kujaribu tena. Unaotesa ni ule unaojifanya mzima: taa ya modemu inawaka, kompyuta inasema imeunganishwa, lakini hakuna hata baiti moja inayopita. Bila kikomo cha muda, programu inaweza kungoja hapo mpaka asubuhi. Ukiweka 60, dakika moja ikipita bila kitu kusogea rsync inakata na kuanza upya.

Jambo moja la kupanga mapema na mteja ni kuingia kwa ufunguo wa SSH badala ya nenosiri. La sivyo, kila mtandao unaporudi seva itauliza nenosiri, na wewe umelala.

Si kila mteja ana seva. Nikifanya kazi na mtu wa kawaida, mathalani bwana harusi aliyeko Muscat anayetaka video ya harusi yake ya Unguja, hatuzungumzi habari ya amri. Kila mmoja wetu anaweka programu ya bure iitwayo Syncthing, tunabadilishana namba za utambulisho wa vifaa, na folda yangu inaanza kujinakili kwake. Syncthing hulikata faili yenyewe katika vipande vidogo na kukumbuka kila kilichofika, kwa hiyo huna haja ya kukata kwa mkono. Sharti lake ni kwamba kompyuta zote mbili ziwe zimewaka kwa wakati mmoja. Yeye akizima yake akaenda kazini, yako itangoja tu.

Upande wangu kulibaki kazi za nyumbani. Nilizima masasisho ya kompyuta na simu yangu nikaizuia isipakie picha zake mtandaoni, maana zote zilikuwa zikigombania mlango ule ule mwembamba. Niliizuia kompyuta isisinzie. Modemu niliichomeka kwenye pawabanki inayoweza kuchajiwa huku ikitoa umeme, hivyo umeme wa nyumba ukiyumba yenyewe haijui. Kifaa kile kidogo kiliokoa vipande vingi kuliko ujanja wangu wote wa kompyuta.

Usiku mbili za kwenye karatasi zikawa tatu. Alfajiri ya nne ile amri ilisimama yenyewe: vipande 112 vilikuwa vimevuka.

Kufika si kufika salama

Hapa wengi hufunga kompyuta na kutuma ankara. Subiri. Faili la video linaweza kufika likiwa na ukubwa unaofanana na halisi na bado likawa bovu.

Upo ubovu wa aina mbili, na kila mmoja una sura yake. Faili likikatwa mwishoni, hata megabaiti chache tu, mara nyingi halifunguki kabisa. Sababu ni kwamba kamera nyingi huandika fahirisi ya video, ile inayosema kila picha iko wapi, mwishoni kabisa mwa faili la MP4. Fahirisi ikikosekana, picha zote zinaweza kuwemo lakini programu haijui pa kuanzia. Ukilijaribu kwa ffmpeg utasoma `moov atom not found`. Ukiona maneno hayo, usihangaike na kurekebisha rangi wala programu, faili halijakamilika. Ubovu wa pili uko katikati: video inafunguka, inacheza vizuri, kisha ghafla inatoa miraba ya kijani au kijivu kwa sekunde moja na kuendelea. Huo ni wa hatari zaidi kwa sababu mhariri anaweza asiuone hadi filamu iko hewani.

Ndiyo kazi ya ule mstari wa `sha256sum`. Programu hiyo husoma kipande chote na kutoa herufi na tarakimu 64, kama alama ya kidole. Ukibadilisha baiti moja tu ndani ya kipande, alama yote inabadilika. Nilituma orodha ya alama pamoja na vipande, na kule Hamburg waliandika:

```
sha256sum -c C0041.txt
cat C0041.MP4.kipande_* > C0041.MP4
```

Mstari wa kwanza unalinganisha kila kipande na alama yake. Wa pili unaviunganisha kuwa klipu kama ilivyotoka kwenye kamera. Vipande 111 vilijibu `OK`. Kimoja kilijibu `FAILED`.

Ajabu ni kwamba kipande hicho hakikuharibikia baharini wala Kilindoni. Rsync huhakiki yenyewe kila inachotuma, na kwenye seva kipande kilikuwa kizima. Kiliharibika ndani ya studio, walipokuwa wakihamisha mafaili kutoka kwenye seva kwenda kwenye diski ya kuhariria. Walikinakili upya, alama ikalingana. Tusingekuwa na ile orodha, lawama zingerudi Mafia: mtandao wenu mbovu.

Wakati boti inaushinda mtandao

Baadaye mteja aliomba saa zote nne kwa ajili ya maktaba yao. Safari hii sikuwasha modemu. Niliweka gigabaiti 180 kwenye diski, nikaiumbiza kwa exFAT ili ifunguke kwenye Windows na kwenye Mac, nikaifunga kwa nenosiri, na nikaacha nakala ya pili kwangu. Diski ikapanda boti Kilindoni hadi Nyamisati, ikaingia basi hadi Dar es Salaam, kisha ikakabidhiwa kampuni ya kusafirisha vifurushi.

Watu wa kompyuta wanaweza kucheka, lakini piga hesabu. Gigabaiti 180 zikifika kwa siku saba, kasi yake ni sawa na megabiti 2.4 kwa sekunde usiku na mchana, karibu sawa na mtandao wangu usingekatika. Na diski hiyo hiyo ingebeba terabaiti moja kwa siku saba zile zile, kasi ingekuwa megabiti 13. Boti haiongezi mwendo, lakini haijali umebeba kiasi gani. Kanuni yangu tangu siku ile ni nyepesi: nikigawa mzigo kwa kasi niliyoipima mwenyewe, nikaongeza nusu yake kwa ajili ya kukatika, na jibu likazidi siku ambazo kifurushi kitasafiri, natafuta bahasha.

Kadi za kamera nilizibeba mfukoni muda wote huo. Klipu kwenye seva, diski njiani, nakala nyumbani, na bado sikufuta kitu. Nilizifuta siku mteja aliponiandikia kwamba alama zote zimelingana, za diski pamoja na za vipande. Nawe mteja akikuambia tu kwamba mafaili yamefika, mshukuru, kisha mwombe alinganishe alama. Mpaka atakapojibu, kadi zibaki kama zilivyo.